Pesa ya Januari

Duka la steshenari katika mji wetu lina msimu mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Mkubwa ni Januari, wiki tatu hivi za mwanzo, shule zinapofunguliwa na kila mzazi ana orodha ya mahitaji mkononi. Mdogo ni Julai, muhula wa pili unapoanza na wanafunzi wa kidato cha tano wanapokwenda kuripoti. Miezi iliyobaki duka linaishi kwa fotokopi, peni moja moja, bahasha na faili. Mwenye duka anayeingia Januari akiwa na fedha taslimu anaweza kupata kwa wiki tatu faida ambayo hataiona kuanzia Machi hadi Juni. Anayeingia na rafu zilizojaa vitu visivyotakiwa na daftari lililojaa majina ya wadaiwa, msimu unampita huku akiutazama.

Mama yangu alipitwa na msimu huo mara mbili mfululizo. Naeleza ilivyokuwa kwa sababu nimeona walimu wengi wastaafu wakifungua duka la aina hii, na wengi wanafunga kabla hawajajua nini hasa kimewaangusha. Mtaani husemwa mwalimu hajui biashara. Mimi ni mtunza stoo, kazi yangu ni kuhesabu mali ya wengine, na nilipohesabu ya mama niliona kwamba kilichomwangusha kilikuwa bayana kuliko maneno hayo.

Alistaafu Julai 2022 akiwa na miaka 60, baada ya kufundisha shule za msingi za Morogoro karibu maisha yake yote ya kazi. Mwezi huohuo ndipo kikokotoo kipya cha pensheni kilianza kutumika, kile cha mkupuo wa asilimia 33, kwa hiyo alichopokea hakikufanana na alichokuwa amekipigia hesabu miaka yote. Alimalizia nyumba, akalipa ada ya mdogo wangu, akabaki na milioni 9 za biashara. Alipata fremu Kihonda, karibu na shule mbili za msingi na moja ya sekondari. Kodi ya miezi sita, rafu, kaunta ya kioo, leseni, waya za umeme na mashine ya fotokopi ya mtumba vilimaliza shilingi 4,200,000. Zilizobaki, 4,800,000, zikawa za mzigo.

Huo mzigo ndio ulioanzisha matatizo yote yaliyofuata.

Alinunua kwa macho ya mwalimu. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha watoto kumi wakigombea atlasi moja, akawaona wakipima pembe kwa rula iliyovunjika, akatundika ukutani chati alizochora mwenyewe kwenye karatasi za manila. Alipopata duka lake alitaka vile vilivyokosekana darasani viwepo. Shilingi 1,900,000 zilikwenda kwenye vitabu na atlasi. Nyingine 700,000 zikanunua mikebe ya jometri, chati za rangi na globu. Kwa kuwa duka lilifunguliwa Oktoba, muuzaji mmoja wa jumla Kariakoo alimshauri achukue shajara na kalenda za 2023, zikala 400,000. Madaftari, kaunta buku, peni, penseli na karatasi za A4 vikagawana 1,800,000 iliyobaki.

Naiheshimu sana nia yake, na sioni kwamba alikuwa mjinga. Alijua mtoto anahitaji nini kuliko mfanyabiashara yeyote wa mtaa ule. Jambo ambalo kazi ya ualimu haikumwonyesha ni lile analonunua mzazi. Mzazi mwenye watoto watatu na shilingi 40,000 mfukoni hununua kile ambacho mtoto akikikosa hataweza kuandika kesho asubuhi, yaani daftari, kaunta buku, peni, na rimu kama shule imeagiza. Atlasi ataisifu, ataifungua kurasa mbili tatu, atauliza bei, kisha atairudisha kwenye kaunta kwa heshima na kusema atapita mwisho wa mwezi.

Januari 2023 kaunta buku zilikwisha wiki ya pili. Mama alifunga duka siku moja akaenda Kariakoo na fedha alizokuwa nazo, akakuta bei zimepanda kwa sababu nchi nzima ilikuwa inanunua. Aliporudi wateja wake wengi walikuwa wameshanunua kwingine. Kati ya shajara alizonunua, zaidi ya nusu zilibaki, na shajara ikifika Machi thamani yake ni ya karatasi tu. Hata hivyo mwaka huo wa kwanza haukumtisha. Duka lilijaa, lilipendeza, kila aliyepita alimpongeza. Rafu zilizojaa humfariji mwenye duka, hasa aliyezoea stoo ya shule yenye chaki mbili na ramani iliyopasuka.

Kukopesha kulianza polepole katikati ya mwaka 2023. Wateja wake wa karibu walikuwa walimu wenzake wa zamani, baadhi yao aliowafundisha tangu wadogo. Walikuja kutoa fotokopi za mazoezi, kufunga ripoti, kununua karatasi za kuandalia masomo. Mwalimu analipwa mshahara kuelekea tarehe 25, lakini mahitaji yake yanaanza tarehe 3. "Madam, niandikie, mshahara ukiingia tu nakuja." Mama angewezaje kukataa? Walikuwa wanamwamkia shikamoo kila asubuhi, walimchangia harusi ya dada yangu, wengine walikesha naye kwenye msiba wa bibi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mama aliyazingatia maneno hayo. Daftari lake la madeni lilikuwa safi, limepigwa mistari kwa rula nyekundu, kila jina kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Lakini daftari lile liliandika nani anadaiwa na kiasi gani, basi. Halikuandika deni linatakiwa kulipwa lini, wala halikumwonyesha kwamba mtu huyu ameongeza deni jipya juu ya la zamani mara nne. Kila ukurasa ulikuwa wa jina moja, kwa hiyo alimwona kila mdaiwa peke yake. Shilingi 12,000 kwa huyu, 30,000 kwa yule, ni fedha ndogo za watu waungwana. Hakuwahi kuzijumlisha pamoja.

Kuna jambo moja kuhusu deni dogo ambalo watu wa vitabu vya hesabu hulitaja kwa nadra, nami naliona baya kuliko fedha yenyewe. Anayekudai wewe utakutana naye tu, atakutafuta. Unayemdai, ukiwa mtu wa kumheshimu, yeye ndiye anaanza kukukwepa. Mwalimu aliyekopa 15,000 na kushindwa kulipa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili ana aibu, na mwezi wa tatu anapita njia ya nyuma kwenda kutoa fotokopi duka la mbele kwa fedha taslimu. Kwa hiyo mama alipoteza ile 15,000 na akampoteza pia mteja ambaye angemletea 10,000 kila mwezi. Tulipokuja kupitia daftari lile tulikuta majina 31, jumla ya shilingi 1,140,000. Majina 19 kati ya hayo yalikuwa ya watu ambao hawakukanyaga tena dukani.

Kisha likaja deni la shule.

Kuanzia Septemba 2023 umeme ulikuwa wa mgao. Mashine ya fotokopi, ambayo ndiyo ilikuwa ikilipa kodi ya fremu, ililala saa nyingi za mchana. Hapo unahitaji kuelewa uchumi wa rimu moja. Rimu ina karatasi 500. Mama aliinunua kwa 10,600 ikiwa imefika dukani, na akiiuza nzima kwa 12,000 anapata 1,400. Akiipitisha kwenye mashine kwa shilingi 100 kila ukurasa, rimu hiyohiyo inaingiza 50,000. Ukiondoa tona, karatasi zinazoharibika, umeme na akiba ya kutengeneza mashine, bado kinabaki kiasi ambacho kuuza rimu nzima hakukaribii hata kidogo. Kwa hiyo umeme ulipokatika hakukosa mapato tu. Karatasi alizokuwa amenunua kwa ajili ya mashine zilirundikana.

Novemba, wakati wa mitihani ya kufunga mwaka, mkuu wa shule moja ya jirani alimjia akihitaji rimu 40, boksi 10 za chaki, na kazi ya kudurufu mitihani saa umeme ukiwepo. Fedha ya shule, alisema, ingeingia kabla ya Krismasi. Jumla ilikuwa shilingi 640,000. Kwa mama ilikuwa kama jibu la dua, maana karatasi zilizokuwa zimemlalia zingeondoka kwa mara moja. Walifahamiana. Mzigo ulipokelewa na mwalimu wa stoo ambaye alisaini kwenye kipande cha karatasi. Hakukuwa na oda ya maandishi kutoka shuleni, wala muhuri.

Krismasi ikapita. Januari yule mkuu alihamishiwa wilaya nyingine.

Mkuu mpya alimpokea mama vizuri, akamkaribisha kiti, akamwomba oda, hati ya kupokelea mzigo yenye jina, cheo na muhuri, na ankara. Mama alikuwa na kipande kile cha karatasi. Mkuu mpya hakumkatalia kwamba shule ilitumia karatasi zile, ila hakuweza kuidhinisha malipo ya fedha ya umma kwa ushahidi wa namna hiyo, na ninaona hakukosea. Mkaguzi angemuuliza yeye. Mama alikasirika sana siku ile, baadaye alikiri kwangu kwamba akiwa msimamizi wa stoo ya shule miaka ya nyuma naye angejibu vilevile.

Sasa turudi Januari. Katika deni lile la shule, karatasi peke yake zilimgharimu mama 424,000 kuzinunua. Faida aliyoitarajia kwenye rimu zile 40 ilikuwa 56,000. Kaunta buku za kwaya mbili wakati huo zilipatikana Kariakoo kwa 1,500 na kuuzwa Kihonda kwa 2,000. Kwa 424,000 angepata kaunta buku 280 hivi, na katika msimu zingemalizika ndani ya wiki moja na kumwachia 140,000. Angerudi kununua tena kwa fedha ileile kabla Januari haijaisha. Kwa hiyo hata kama shule ingelipa mwishoni mwa Januari bila kukatwa chochote, tayari angekuwa amepata hasara ambayo haionekani kwenye daftari lolote. Tena ukiuzia taasisi ya serikali bidhaa, asilimia 2 ya malipo huzuiliwa kama kodi. Kwenye karatasi ambayo faida yake ni ndogo hivyo, asilimia hiyo mbili inauma.

Ili asikose msimu kabisa, alikwenda kwa muuzaji wa jumla wa hapa Morogoro akachukua mali kauli ya 800,000, alipe baada ya siku 30. Mali kauli ina bei yake. Kaunta buku iliyokuwa 1,500 Kariakoo kwa fedha taslimu alipewa kwa 1,700, na ushindani wa mtaani haukumruhusu kupandisha bei yake ya 2,000. Mbaya zaidi, sehemu ya mzigo ule wa kukopa aliikopesha, maana walimu wale wale walikuja na orodha za watoto wao. Siku 30 zilipofika alilipa kwa pensheni yake ya mwezi, na mwezi uliofuata akamalizia tena kwa pensheni. Ukitaka kujua kama duka la mstaafu ni gonjwa, usiangalie rafu. Angalia kama pensheni inakwenda dukani au duka ndilo linaleta kitu nyumbani.

Na mwezi huohuo wa Januari 2024 mtaala mpya ulianza, darasa la kwanza na la tatu zikatangulia. Somo la Uraia na Maadili la darasa la tatu, ambalo mama alikuwa na vitabu vyake rafu nzima, halikuwepo tena. Watoto walianza Historia ya Tanzania na Maadili, na Jiografia na Mazingira. Mabadiliko hayo hayakuja kwa kushtukiza, kwani yalikuwa yakijadiliwa hadharani mwaka 2023, na mama aliyafuatilia kwenye redio kwa hamu ya mwalimu. Hakuwa bado amejizoeza kusikiliza habari ya elimu na papo hapo kugeuka kutazama rafu yake.

Nilipata likizo mwishoni mwa mwezi huo. Jumapili baada ya ibada tulifunga mlango, tukahesabu kila kitu, mimi nikiita na yeye akiandika. Tuliandika bei ya kununulia, sio ya kuuzia, kwa sababu bei ya kuuzia ni matumaini. Mzigo wa dukani ulikuwa wa shilingi 4,100,000. Madeni ya nje, ya walimu na ya shule, 1,780,000. Droo ilikuwa na 86,000. Mama alijumlisha mara mbili akidhani amekosea. Duka lake lilikuwa na karibu milioni 6, na halikuweza kununua katoni moja ya kaunta buku.

Nilimwomba tuongeze safu moja pembeni, nayo ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Kwa kila bidhaa tuliuliza: kwa mwendo tunaouza sasa, hiki kitachukua muda gani kuisha? Hesabu yake ni nyepesi. Unachukua kilichobaki na kukigawanya kwa unachouza kwa wiki. Madaftari ya kurasa 48 yalikuwa ya siku mbili. Peni za bluu, wiki tatu. Karatasi, wiki mbili. Atlasi alinunua 40, ameuza 13 kwa miezi 16, zimebaki 27. Kwa mwendo ule zingehitaji karibu miaka mitatu. Globu nne hazikuwahi kuuzwa hata moja. Tulipopanga upya orodha kwa muda badala ya kwa majina, ilionekana wazi kwamba zaidi ya nusu ya fedha ilikuwa imekaa kwenye vitu vya mwaka mmoja kwenda juu.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, kumbe deni la shule na hizi globu ni kitu kimoja." Ndiyo. Mzigo uliolala ni mkopo ulioipatia rafu, na deni la mteja ni mzigo ulioondoka bila kurudi. Vyote viwili vinachukua fedha ileile, na fedha hiyo kazi yake ilikuwa kukutana na Januari.

Kuanzia hapo alifanya kazi kwa nidhamu ambayo wanafunzi wake wangeitambua. Atlasi aliziuza kwa bei aliyonunulia, nyingine chini yake, kwa kituo cha masomo ya jioni na kwa shule moja ya binafsi. Iliniuma kumwona akiandika hasara kwa mkono wake, lakini shilingi 9,000 inayorudi sasa na kununua madaftari ina thamani kuliko 15,000 inayosubiriwa miaka mitatu. Vitabu tulivichambua kwa darasa. Mtaala ulikuwa unapanda pamoja na watoto, kwa hiyo vya darasa la tatu vilikuwa vimekufa, ila vya darasa la tano hadi la saba bado vilikuwa na muda, na hivyo alivipunguza bei kidogo tu akahakikisha vinaondoka kabla zamu yao haijafika. Siku hizi hanunui kitabu cha kuweka. Mteja anatoa nusu ya bei, kitabu kinaagizwa, kinakuja na basi.

Kwa madeni ya walimu alichagua njia yake mwenyewe, na nadhani hakuna mfanyabiashara mzoefu ambaye angeifikiria. Hakumfuata mtu nyumbani wala hakubandika tangazo. Aliwaandikia ujumbe mmoja mmoja, akitaja kiasi, akisema karibu dukani hata kama hujalipa, utanunua kwa taslimu na lile la zamani tutalipunguza kidogo kidogo kila tarehe 25. Alichotaka kwanza ni mtu arudi kuingia mlangoni bila aibu. Wengi walirudi. Hadi mwisho wa mwaka zaidi ya laki saba zilikuwa zimelipwa kwa vipande vya elfu tano na elfu kumi. Majina sita aliyafuta. Mmoja wao alikuwa amefariki.

Daftari jipya la madeni halina ukurasa wa jina tena. Linapangwa kwa tarehe ya kulipa, ili kila asubuhi aone leo nani anatakiwa. Kikomo ni 20,000 kwa mtu, hakuna deni jipya juu ya la zamani, na mwisho ni tarehe 25 ya mwezi huohuo. Chini ya ukurasa kuna jumla ya madeni yote, anaiandika upya kila siku. Ikifika 200,000 anaacha kukopesha yeyote, awe nani, hadi ishuke. Hiyo jumla ndiyo inayomsaidia kukataa. Zamani alikuwa anamkatalia mtu, sasa anamwonyesha ukurasa.

Shule zimebaki wateja wake, kwa utaratibu mwingine. Oda ya maandishi kwanza. Hati ya kupokelea mzigo nakala mbili, zote na jina, cheo, saini na muhuri, moja inabaki kwake kwenye faili la shule hiyo. Ankara na risiti siku hiyohiyo. Hatoi rimu 40 kwa pamoja, anatoa kumi, na kumi zinazofuata zinatoka hizi zikilipwa. Deni lile la 2023 lililipwa Juni 2024, baada ya mkuu wa zamani kuandika barua ya kuthibitisha kutoka alikohamia. Mama alimpigia simu kumshukuru.

Sharti lililo gumu kuliko yote ni kwamba kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Januari hakopeshi shule wala mtu. Ndio wakati wa mitihani, kila mtu anahitaji karatasi na kila mtu ana ahadi, na ndio wakati fedha inatakiwa kukusanyika. Amefungua akaunti ya pembeni isiyo na kadi, anaweka humo kila Ijumaa kuanzia Agosti. Manunuzi ya msimu anayafanya Desemba mwanzoni, bei za Kariakoo zikiwa hazijapanda.

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, imemsaidia kwa namna ambayo sikuitarajia. Zamani safari ya Kariakoo ilikula siku nzima, kwa hiyo akienda alinunua mengi ili asirudi mapema, na huko kununua mengi ndiko kulikojaza rafu. Sasa anafika Dar kwa chini ya saa mbili, anachagua, analipa, mzigo unakuja na basi la jioni, naye yuko nyumbani kupika. Anaweza kununua kidogo na kurudi baada ya siku tano kununua kilekile kilichoisha.

Januari 2025 aliingia na 1,600,000 taslimu. Alinunua madaftari, kaunta buku, peni, penseli na mikebe michache, hakuna kingine. Fedha ile ilizunguka mara mbili, mauzo ya mwezi yakafika milioni 4 na kidogo, na mwisho wa mwezi, kodi ikiwa imelipwa, alikuwa na karibu laki nane juu ya mtaji wake. Pensheni yake mwezi ule haikuguswa.

Sasa tunabishana kuhusu mashine ya pili ya fotokopi. Umeme umetulia, shule tatu zinamletea mitihani, na mashine iliyopo inazeeka. Fundi anasema ngoma yake, ile silinda ya ndani inayochapa, haitafika mwaka mwingine. Mama anataka anunue Oktoba ili iwahi mitihani ya Novemba. Mimi naona milioni mbili na nusu zikitoka Oktoba, akaunti ya pembeni itafika Desemba ikiwa nusu, kwa hiyo ni bora asubiri Februari na kwa sasa abadilishe ngoma tu. Yeye anajibu kwamba mashine ikifa katikati ya mitihani atapoteza shule zote tatu, na shule ikihama huwa hairudi. Amenitumia hesabu zake kwenye karatasi, safu ya wiki ikiwa pembeni. Bado nazipitia.